Unaomba Mkopo, Unaambiwa Ulipe Akiba

Kikundi chetu cha kutetea haki za watumiaji hapa Nakuru kilitoa onyo juzi. Ilikuwa karatasi ya ukurasa mmoja, tukaibandika Soko la Wakulima na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaani: jihadharini na apu bandia za mikopo, jihadharini na matangazo ya kazi yanayodai ada ya usajili. Watu waliisoma, wakatikisa vichwa, na baadhi yao wakaja baadaye kutuambia kwamba wameshalipa. Hawakuwa wazembe. Karatasi ilisema "apu bandia", na walichokiona wao kwenye simu hakikuonekana bandia hata kidogo. Kilikuwa na rangi ya kijani, nembo safi, na maneno waliyoyazoea tangu serikali ianze kukopesha watu kwa simu.

Kwa hivyo nimeamua kuandika kwa urefu kile ambacho karatasi haikuweza kubeba. Nitaanza kwa kusema kwamba onyo letu lilikosea kuyataja mambo haya kama mawili. Kwa malalamiko ninayoyapokea, apu ya mkopo na tangazo la kazi ni biashara moja yenye milango miwili. Hakuna mkopo na hakuna kazi. Kinachouzwa ni ile ada.

Chukua kisa cha dada mmoja wa Kaptembwo, ambaye amekubali nikisimulie bila jina lake. Alikuwa akifanya kibarua cha kufua nguo, siku mbili tatu kwa wiki. Aliona tangazo kwenye kundi la Facebook la nafasi za kazi: supamaketi kubwa inafungua tawi jipya mjini, inatafuta wapanga bidhaa, makeshia na wasafishaji, mshahara shilingi 24,500, uzoefu si lazima. Maombi kwa WhatsApp peke yake. Akatuma jina lake na alama zake za kidato cha nne, na kabla hajaweka simu chini jibu likawa limefika: hongera, umechaguliwa, mahojiano ni Alhamisi, saa tatu asubuhi, jengo fulani katikati ya mji, ghorofa ya tatu. Ili jina lako liingizwe kwenye orodha, tuma shilingi 350 za fomu kwa nambari hii.

Akatuma. Siku iliyofuata ujumbe ukaja tena. Kazi ni ya kushika chakula, kwa hivyo anahitaji cheti cha afya, shilingi 1,200, na cheti cha tabia njema, shilingi 1,050. "Tutakushughulikia hapa ofisini ili usisumbuke na foleni." Jumla 2,250. Akajibu kwamba hana. Yule bwana, aliyejiita afisa wa ajira, hakukasirika wala hakumharakisha. Alimwambia wengi hukwama hapo, akamtumia linki. "Jaza hapa, ni mkopo wa haraka, hauulizi CRB. Utalipa ukipata mshahara wa kwanza."

Ukifungua linki ile unapata ukurasa wa mtandao, wala si apu. Unaulizwa nambari ya simu, jina, nambari ya kitambulisho, kazi yako, na jina la jamaa wa karibu. Kisha kijiduara kinazunguka kwa sekunde kadhaa kana kwamba kuna mtu anakagua kitu mahali fulani. Hakuna anayekagua chochote. Tulijaribu wenyewe ofisini tukaandika nambari ya kitambulisho ya herufi tupu, na bado ukurasa ukatupongeza. Dada huyu aliambiwa anafaa kupata hadi shilingi 8,000. Akachagua 5,000. Chini yake pakaandikwa: "Lipa akiba ya kufungua akaunti shilingi 199. Utarudishiwa pamoja na mkopo wako." Akabonyeza, na kile kidirisha cha M-Pesa kinachokuomba nambari ya siri kikajitokeza kwenye simu yake.

Akaingiza nambari ya siri. Pesa zikaenda. Ukurasa ukabadilika: alama zako za mkopo ziko chini kidogo, lipa 350 upandishwe ngazi, ndipo 5,000 itolewe. Akalipa. Kisha: mkopo wako unashughulikiwa, subiri saa 24. Mkopo haukufika, na Alhamisi ilikuwa inakaribia, akaenda kwa shangazi yake akakopa 1,050 za cheti cha tabia njema akamtumia yule bwana. Ukijumlisha ni 350, 199, 350 na 1,050, yaani shilingi 1,949. Alhamisi alifika kwenye jengo. Ghorofa ya tatu ina fundi wa nguo na ofisi ya wakili. Karani wa wakili hata hakumwacha amalize kueleza. "Mahojiano ya supamaketi? Pole dada, wewe si wa kwanza."

Sasa turudi nyuma, kwa sababu kila hatua katika kisa hiki imejengwa juu ya jambo la kweli, na hapo ndipo ujanja wenyewe ulipo.

Anza na neno "akiba". Hazina ya Hustler ilipoanza Novemba 2022, ile ya *254#, iliwazoesha Wakenya wote kusikia mkopo na akiba vikitajwa pamoja. Ukikopa 1,000 kwenye hazina ile, unapokea 950 na 50 zinaenda kwenye akiba yako. Ni asilimia 5. Lakini angalia zinatoka wapi: zinakatwa kwenye mkopo wenyewe. Hutangulizi hata senti. Matapeli walilichukua neno, wakaligeuza mwelekeo. Mikopo mingine ya simu tunayoijua, M-Shwari au KCB M-Pesa, nayo hutoza ada na riba kwenye mkopo. Ukiamua kuweka akiba M-Shwari, pesa hizo zinakaa kwenye akaunti yenye jina lako, unaziona, na unaweza kuzitoa. Akiba uliyolipa kwa tili ya mtu usiyemjua si akiba. Ni malipo ya kununua bidhaa, na hata ujumbe wa M-Pesa utakaopata baadaye utasema umelipa, hautasema umeweka.

Hali ni hiyo hiyo kwa wale wanaodai kuongeza kiwango cha Fuliza kwa shilingi 300 au 500, na kurasa zao ni nyingi kuliko za mikopo. Kiwango cha Fuliza huwekwa kulingana na jinsi unavyotumia laini yako na unavyolipa. Hakuna mtu nje anayeweza kukuuzia.

Kile kidirisha cha nambari ya siri nacho kinawababaisha watu sana. Nimesikia mara nyingi: "Lakini ilikuwa M-Pesa yenyewe, ilitokea kwenye simu yangu." Ni kweli ilikuwa M-Pesa yenyewe. Biashara yoyote iliyosajiliwa kupokea malipo inaweza kuunganisha tovuti yake na mfumo huo, na ikishaunganisha, inaandika nambari yako na kiasi, na kidirisha kinajitokeza kwako. Duka la viatu linafanya hivyo, kampuni ya mabasi inafanya hivyo. Kutokea kwa kidirisha kunakuambia kwamba anayekuomba pesa ana akaunti ya kupokea malipo. Hakukuambii kwamba ni mkopeshaji, wala kwamba Safaricom imemkagua.

Ila ndani ya kidirisha hicho kuna mstari mmoja ambao tapeli hana uwezo wa kuuandika apendavyo, na ndio ninaowaomba watu wausome kabla ya kugusa kitu: jina la anayelipwa. Ukurasa wa dada yetu ulijiita kwa jina la kuvutia lenye neno "kopa" ndani yake. Kidirisha kikasema alipe kwa jina la mtu na neno Enterprises. Majina hayo mawili hayakuwa na herufi tatu zinazofanana. Hapo palitosha kuacha. Niongeze tahadhari moja, maana wajanja wameanza kuikwepa alama hii. Baadhi yao hupitisha malipo kwa kampuni halali ya katikati inayokusanyia malipo biashara nyingi ndogo, na jina linaloonekana ni la kampuni hiyo. Jina zuri kwenye kidirisha kwa hivyo si hakikisho. Jina lisilolingana ni sababu ya kukimbia, basi.

Na kwa nini 199? Kwa nini wasiombe 2,000 mara moja? Nilimuuliza mzee mmoja wa kikundi chetu aliyestaafu kazi ya benki, akacheka. "Kwa sababu 199 hakuna anayeipeleka polisi." Nauli ya matatu kutoka Kaptembwo hadi kituoni na kurudi, pamoja na asubuhi nzima ya kibarua iliyopotea, inazidi hasara yenyewe. Mtu analaani, anafuta ujumbe kwa aibu, anaendelea na maisha. Tapeli anahesabu hilo. Tuseme watu 300 wanalipa kwa siku moja: hiyo ni shilingi 59,700, na gharama yake ni ukurasa wa mtandao na tangazo la Facebook. Kisha ile ngazi ya pili, "alama zako ziko chini", imewekwa kwa ajili ya yule ambaye hataki kukubali kwamba ameshapoteza. Anayelipa mara ya pili ameshajichuja mwenyewe, na nambari yake inahifadhiwa.

Inahifadhiwa kweli. Siku chache baadaye dada huyu alipigiwa simu na mwanamke aliyemtaja kwa majina yake matatu na nambari ya kitambulisho. Alisema anatoka kitengo cha mikopo, kwamba 5,000 zimeidhinishwa ila bima haijalipwa. Aliyajua yote kwa sababu dada mwenyewe aliyajaza kwenye fomu. Kwa wengi wetu, mtu anayejua nambari ya kitambulisho chako anaonekana ni wa ofisini. Ukishajaza fomu kama hiyo, mambo mawili yafanye hata kama hukulipa chochote: bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na uwaambie wale uliowaandika kama jamaa kwamba huenda wakapigiwa simu kwa jina lako.

Upande wa kazi nao una ukweli wake uliopindwa. Anayeshika chakula anahitaji cheti cha afya kweli. Cheti cha tabia njema kinaombwa na waajiri kweli, na bei yake ni 1,050 kweli. Ndiyo maana dada hakushtuka. Aliuliza rafiki, rafiki akasema ndiyo, ni 1,050. Swali ambalo hakuna aliyeuliza ni inalipwa kwa nani. Cheti cha tabia njema unakiomba wewe mwenyewe kupitia eCitizen, na malipo ya serikali kwenye eCitizen yanaingia nambari ya malipo 222222. Halafu unakwenda kuchukuliwa alama za vidole, vidole vyako wewe. Hakuna afisa wa ajira anayeweza "kukushughulikia" cheti hicho ukiwa nyumbani Kaptembwo. Cheti cha afya vilevile: unapimwa mwili wako, kwenye kituo cha afya, na unalipa huko. Mtu akikuambia tuma pesa kwa nambari ya simu yenye jina la mtu binafsi kwa ajili ya mojawapo ya vyeti hivi, ameshajieleza.

Tume ya Utumishi wa Umma imekuwa ikirudia kwamba haitozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, na bado kila msimu wa kuajiri unaleta walaghai wanaotumia jina lake. Kwa mawakala binafsi wa ajira, kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ambayo ndiyo inayowasajili. Muulize wakala jina kamili la kampuni yake, kisha lithibitishe kwa mamlaka hiyo. Anayetumia WhatsApp pekee, bila jina la kampuni, hata swali hilo hulijibu kwa kukufungia.

Kuhusu wakopeshaji, njia ya kuhakiki ipo ingawa si rahisi kama tunavyoambiwa. Sheria ilibadilishwa mwishoni mwa 2021, kanuni zikafuata 2022, na tangu hapo mkopeshaji wa kidijitali lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Orodha ya kwanza, Septemba 2022, ilikuwa na kampuni 10. Sasa imepita 100, na iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, mtu yeyote anaweza kuifungua. Tatizo ni kwamba leseni ni ya kampuni, nawe kwenye simu unajua jina la apu. Huenda usiione apu halali kwa jina unalolijua. Hivyo tafuta kwanza kampuni iliyo nyuma ya apu. Kwenye Play Store, jina la mtengenezaji limeandikwa chini ya jina la apu, na sehemu ya maelezo hutaja kampuni na anwani. Lichukue jina hilo ulitafute kwenye orodha. Tangu Januari 2023 Google imekuwa ikidai uthibitisho wa leseni kabla ya kuruhusu apu ya mikopo kwa Wakenya, na kwa maoni yangu ndiyo sababu matapeli wengi wamehamia kwenye kurasa za mtandao na faili za APK zinazotumwa kwa WhatsApp na Telegram. Faili kama hiyo usiiweke kwenye simu. Ukurasa unaweza kukuibia 199. Apu uliyoiruhusu isome ujumbe wako inaweza kuona kila nambari ya uthibitisho inayoingia kwenye simu yako.

Nisichanganye mambo: wapo pia wakopeshaji wanaokopesha kweli halafu wanatukana watu na kuwapigia bosi na mama mkwe. Hilo ni kosa jingine. Kanuni za 2022 zinakataza vitisho na kumwaibisha mkopaji kwa watu wake, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data imewahi kupiga faini kwa makosa ya namna hiyo. Ukisumbuliwa na mmoja wao, peleka malalamiko huko na Benki Kuu. Lakini yule ana ofisi na leseni ya kupoteza. Huyu wetu wa 199 hana.

Sasa, umeshalipa. Kinachofuata kinategemea dakika. Tuma ujumbe wote wa M-Pesa wa malipo hayo kwa 456 kuomba pesa zirudishwe. Kama hazijatolewa, kuna nafasi. Zikishatolewa, hakuna cha kurudisha, na wenye biashara hii hawaachi pesa zilale. Dada wa Kaptembwo alituma ombi siku tatu baadaye, likagonga mwamba. Nambari iliyokutumia ujumbe wa utapeli iwasilishe kwa 333, bure. Usifute kitu chochote, hata mazungumzo yanayokuaibisha, na usimtukane tapeli kabla hujapiga picha za skrini, maana akishakufungia, picha yake ya wasifu na tangazo lake vinaweza kutoweka.

Halafu nenda polisi ukaandikishe, hata kama ni 199. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungu hicho hakina kiwango cha chini. Najua afisa wa zamu anaweza kukuangalia kwa jicho la kuuliza kama huna kazi nyingine. Hapo ndipo kikundi kinaposaidia. Sisi tuna daftari lenye safu nne tu: tarehe, kiasi, nambari iliyolipwa, na jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa. Tulipoliingiza jina la ile Enterprises ya dada yetu, tulilikuta tayari limeandikwa mara kadhaa, na baadhi ya waliolipa hawakuwa wameomba mkopo wowote. Walikuwa wamelipia fomu za kazi: mmoja ya shamba la maua upande wa Naivasha, mwingine ya kiwanda. Siwezi kuapa kwamba yule "afisa wa ajira" na mwenye ukurasa wa mkopo ni mtu mmoja. Kazi hiyo ni ya wapelelezi, nasi hatuna uwezo wa kujua nani amesajili tili. Lakini malalamiko saba yenye jina moja, yakipelekwa pamoja na nakala za ujumbe, yanasomwa tofauti na lalamiko moja la shilingi 199. Tuliandikisha pamoja, tukapewa nambari moja ya kitabu cha matukio, na afisa aliyepokea faili alitaka jambo moja ambalo wengi hawakuwa nalo: taarifa ya M-Pesa ya kipindi kizima, badala ya ujumbe mmoja mmoja. Unaweza kuiomba bure kupitia *334# au kwenye apu ya M-Pesa.

Kama hutaki kuja kwetu, piga simu ya bure ya DCI, 0800 722 203. Ukija kwetu, leta taarifa hiyo ikiwa kwenye simu tu, huhitaji kuichapisha. Piga mstari chini ya malipo unayoyalalamikia ukumbuke uliambiwa ni ya nini kila moja, kwa sababu tunakuta watu wamelipa mara tatu na wanakumbuka mbili. Na kitambulisho njoo nacho mkononi. Hatutakuomba ukijaze kwenye fomu.